Gundi ya Hariri: Kutoka Kifukofuko hadi Uzi Laini kwa Jiko la Nairobi

Uzi wa hariri unaotoka moja kwa moja kwenye kifukofuko hauna ule ulaini ambao watu huujua. Ni mkavu mkononi, umefifia, na ukiukunja unataka kunyooka tena. Wengi wanaoanza kazi hii Nairobi wakiushika mara ya kwanza hudhani wameuziwa vifukofuko vibovu. Vifukofuko havina kosa. Wanachokigusa ni gundi, na hariri yenyewe imo ndani yake.

Mwongozo huu unaifuata gundi hiyo tangu kifukofuko hadi uzi laini. Ukijua gundi iko wapi na inafanya kazi gani katika kila hatua, utaelewa kwa nini kifukofuko huchemshwa dakika chache tu, kwa nini uzi hurudishwa motoni baadaye kwa muda mrefu, na kwa nini sufuria ya kawaida ya nyumbani inaweza kuuharibu. Mfano wetu utakuwa mmoja hadi mwisho: gramu 100 za uzi mbichi, uliozongolewa kwa mkono na kuondolewa gundi juu ya jiko la gesi.

Kwa nini uzi mbichi ni mgumu

Kiwavi wa hariri, yule anayekula majani ya mforosadi, ana tezi mbili za hariri zinazokutana kwenye tundu moja chini ya mdomo wake. Kila tezi hutoa unyuzi mmoja wa protini iitwayo faibroini. Nyuzi hizo mbili hutoka pamoja zikiwa zimepakwa protini nyingine, serisini, na hiyo ndiyo gundi. Kiwavi huchezesha kichwa kwa umbo la nambari 8 kwa siku mbili au tatu, akijijengea ukuta. Gundi ikikauka, kila mzunguko unashikana na uliotangulia, na kifukofuko kinakuwa kigumu kiasi cha kugongwa kwa kucha.

Kwa uzito, gundi ni kati ya asilimia 20 na 30 ya hariri mbichi. Kwa hiyo robo hivi ya kile unachopima kwenye mizani si hariri unayoitaka.

Sasa tuje kwenye ugumu. Uzi unaozongolewa kutoka vifukofuko vinane una nyuzi 16 za faibroini, kwa maana kila kifukofuko kinatoa mbili. Chukua njiti 16 za chelewa uzishike pamoja bila kuzifunga: zinapinda kwa urahisi kwa sababu kila njiti inateleza kando ya mwenzake. Zipake gundi zikauke, na sasa una fimbo. Hesabu za uhandisi zinasema kwamba nyuzi 16 zilizogandishwa kuwa kitu kimoja hukataa kupinda karibu mara 16 kuliko nyuzi zilezile zikiwa huru. Faibroini haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba nyuzi zimenyimwa nafasi ya kuteleza.

Mng'ao nao umefichwa na gundi hiyohiyo. Unyuzi wa faibroini ukiukata na kuutazama kwa hadubini una umbo linalokaribia pembetatu, na pande zake bapa hurudisha mwanga vizuri. Gundi imefunika pande hizo kwa tabaka lisilo sawa, na mwanga unatawanyika.

Gundi inaweza kutoka bila faibroini kudhurika kwa sababu protini hizi mbili hazikupangwa sawa. Molekuli za faibroini zimelazwa sambamba na kubanana hivi kwamba maji ya moto hayapati njia ya kuziyeyusha. Molekuli za serisini hazikubanana hivyo na zinapenda maji, kwa hiyo maji ya moto huzivimbisha kisha kuziyeyusha, na yakiwa na magadi kidogo kazi hiyo huenda haraka zaidi. Lakini zote mbili ni protini. Ukizidisha magadi au muda, faibroini nayo itaanza kuliwa.

Hatua ya 1: Kupata vifukofuko na kuvikausha

Kwa gramu 100 za uzi, anza na karibu kilo moja ya vifukofuko vibichi, yaani kama 550 hivi. Nairobi utavipata kwa wakulima wenye miforosadi nje ya jiji. Ukitaka mafunzo au mbegu, yaani mayai ya viwavi, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, imefanya utafiti wa hariri kwa miaka mingi, na Thika kuna kituo cha utafiti wa hariri cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo.

Vifukofuko huvunwa karibu wiki moja baada ya kiwavi kuanza kufuma. Ukikawia, nondo atatoka. Atatema majimaji ya kulainisha ukuta na kujisukuma nje, na mahali alipopita nyuzi zitakuwa zimevurugika na kukatika. Kifukofuko chenye tundu hakizongoleki tena. Kinaweza tu kuchambuliwa na kusokotwa kama pamba. Ndiyo maana mdudu huuawa ndani, na anayeingia kazi hii alijue hilo tangu mwanzo. Kwa kiasi kidogo, vipashe mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika 25 hadi 30, kisha vitandaze kivulini penye hewa hadi vikauke kabisa, ukivigeuza kila siku. Kikitikiswa, kifukofuko kikavu kinasikika mdudu akigonga ndani. Kuvianika kwenye jua kali ni njia rahisi lakini siipendi, kwa sababu jua linaiua gundi ya nje kwa kuikausha mno, na baadaye inakataa kulainika sawasawa.

Toa vyenye madoa, vyenye tundu, na vile vikubwa vilivyofumwa na viwavi wawili pamoja. Hivyo vya pacha nyuzi zake zimepishana na zitakukatikia kila mara.

Hatua ya 2: Kulainisha gundi bila kuitoa

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu anaona gundi ni adui, basi anachemsha vifukofuko mpaka vilegee. Lakini katika hatua hii unaihitaji. Unataka ilainike kiasi cha kuachilia unyuzi kutoka ukutani, ibaki ya kutosha kuunganisha nyuzi za vifukofuko vinane kuwa uzi mmoja wa mviringo. Ukiiondoa sasa, utabaki na nyuzi 16 zinazotapakaa zisizoweza kukaa pamoja kwenye gurudumu.

Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hadi 1,800 toka usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi. Kumbuka namba hiyo, tutairudia. Kwa vifukofuko, 94 inatosha kabisa.

Vitie kwanza kwenye maji ya nyuzijoto 50 kwa dakika moja, kisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, ukivizamisha kwa chujio. Halafu vihamishe upesi kwenye maji ya nyuzijoto 65. Mvuke uliokuwa ndani ya kifukofuko unapoa na kunywea, nao unavuta maji ndani kupitia ukuta. Kifukofuko kinapata uzito na kukaa ndani ya maji badala ya kuelea juu. Hicho ndicho unachokitafuta, kwa sababu kinachoelea sana hurukaruka unapovuta uzi.

Pitisha juu yake brashi laini au fagio dogo la nyasi. Nyuzi za nje zitashikwa. Vuta taratibu ukitupa ile michafukoge ya juu hadi kila kifukofuko kitoe unyuzi mmoja safi. Ikiwa unyuzi unakatika kila unapovuta, havijalainika. Virudishe dakika moja. Ikiwa brashi inainuka na wingu la nyuzi na vifukofuko vinanywea, umevipitiliza, na hakuna namna ya kuvirudisha. Basi anza na vifukofuko 20 vya majaribio kabla ya kutia vyote.

Hatua ya 3: Kuzongoa

Weka vifukofuko vinane kwenye beseni la maji ya nyuzijoto 40 hadi 45. Kusanya nyuzi zao, zipitishe kwenye tundu dogo la chuma laini au kauri, kisha uzungushie uzi huo juu yake wenyewe mara kadhaa kabla haujafika kwenye gurudumu. Msokoto huo wa kupita unakamua maji, unafanya uzi uwe mviringo, na unaibana gundi iliyolainika ili ikikauka nyuzi zote zishikane. Hapa ndipo ule ugumu tuliouzungumzia unapozaliwa rasmi.

Unyuzi wa kifukofuko kimoja una denieri 2.5 hivi, maana yake mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 2.5. Vinane vinakupa uzi wa denieri 20. Kwa kipimo hicho gramu 100 ni mita 45,000 za uzi, zinazotosha kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika. Unyuzi hupungua unene kadiri unavyokaribia ndani, kwa hiyo usisubiri kifukofuko kiishe kabisa. Kikianza kuonyesha mdudu kwa uwazi, ongeza kipya kwa kugusisha ncha yake kwenye uzi unaopita. Gundi itaishika yenyewe. Wadudu wanaobaki hupendwa sana na kuku.

Uzi ukikauka kwenye gurudumu, uhamishie gurudumu lingine kabla haujagandamana, kisha utoe ukiwa kitita. Sasa unaweza kuusokota, ukiunganisha nyuzi mbili au zaidi ili upate uzi wa kufumia. Kama unakuwa mkaidi, uloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na matone ya mafuta ya mzeituni. Gundi hunywa maji na kulegea, na ndiyo sababu uzi mbichi huwa mpole msimu wa mvua na mkali mwezi wa Februari.

Hatua ya 4: Kuondoa gundi

Tuseme kitita chako cha gramu 100 kimeshasokotwa. Kiache kikae siku nzima kwenye chumba kile utakachokaushia baadaye, kisha ukipime. Hariri hunyonya unyevu wa hewa, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo kipimo cha kabla na cha baada havilingani kama hali ya hewa si ile ile. Kifunge mahali panne kwa uzi mweupe wa pamba, kwa fundo legevu la umbo la 8. Ukikaza, maji hayatapenya pale na utapata madoa magumu manne.

Sufuria isiwe ya alumini, na najua ndiyo iliyojaa jikoni mwetu. Maji ya magadi huila alumini: sufuria inageuka nyeusi, rangi ya kijivu inahamia kwenye hariri, na magadi uliyopima yanaishia kwenye sufuria badala ya kwenye gundi. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka.

Tia lita 3 za maji, yaani mara 30 ya uzito wa uzi. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji yenye chokaa hushikana na sabuni na kutengeneza utando unaong'ang'ania uzi. Ukiona sabuni inaganda badala ya kutoa povu, tafuta maji mengine. Chukua gramu 25 za sabuni nyeupe ya kipande, isiyo na marashi wala rangi, iliyokunwa. Iyeyushe kwenye maji ya moto, kisha ongeza gramu 1.5 za sodiamu kaboneti. Magadi ya jikoni yanayotoka Ziwa Magadi yanaweza kutumika pia, lakini nguvu yake hutofautiana na yana uchafu. Yayeyushe pembeni, yaache yatulie, chuja, kisha uongeze kidogokidogo.

Pima kwa karatasi ya pH. Unataka kati ya 9.5 na 10.5. Chini ya hapo gundi hutoka polepole mno. Juu ya hapo unaanza kula faibroini. Sabuni ya unga ya kisasa usiitie kabisa, kwa sababu nyingi zina vimeng'enya vilivyowekwa ili kumeng'enya madoa ya protini, na hariri yote ni protini. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ni mbaya zaidi, huiyeyusha.

Zamisha kitita kilicholowa tayari. Kiweke kwenye nyuzijoto 90 hadi 94, maji yakitetemeka bila kububujika. Mbubujiko hufanya nyuzi zisuguane na kuota manyoya. Hapa ile 94 inarudi: maelekezo mengi yaliyoandikwa pwani au ng'ambo hutaja nyuzijoto 98 hadi 100, ambazo sufuria ya wazi ya Nairobi haiwezi kufika. Jibu sahihi ni kuongeza muda. Wapo wanaofidia joto kwa kuongeza magadi, na uzi wao hutoka laini lakini unakatika kwenye kitanda cha kufumia. Acha kitita dakika 60, ukikigeuza kila dakika 10 kwa kijiti laini. Katikati ya muda pima pH tena, kwa sababu gundi inayoyeyuka huishusha. Ikiwa chini ya 9.5 ongeza chembe ya magadi.

Maji yatageuka ya manjano na mazito. Hiyo ni gundi yako. Yamwage, usiyaache yapoe na uzi ndani, maana itarudi kujishika. Andaa maji mapya lita 3 yenye nusu ya sabuni, bila magadi, na urudishe kitita dakika 30 kwa joto lilelile.

Suuza kwa hatua: kwanza maji ya nyuzijoto 65 yenye punje chache za magadi ili sabuni isigande, kisha ya vuguvugu mara mbili, kisha baridi. Suuza hadi yasitoe povu hata kidogo. Hapo tu ndipo utie kijiko kimoja cha siki katika lita 3 za maji baridi, uloweke dakika 10, usuuze mara ya mwisho. Siki hufuta mabaki ya magadi na kuipa hariri ule mlio mkavu inapobanwa. Ukiitia wakati sabuni ingalimo, itaivunja sabuni kuwa mafuta yatakayoganda kwenye uzi, na kazi yote inaanza upya.

Kausha kivulini. Jua huipa hariri manjano.

Hatua ya 5: Kujua kama gundi imetoka

Usiogope uzi uliokauka ukiwa umekakamaa kidogo. Ushike ncha mbili, uusokote na kuukung'uta kwa nguvu mara kadhaa. Ukilegea na kumeremeta, nyuzi zilikuwa zimelala pamoja tu. Ukibaki mkavu baada ya hapo, gundi ingalimo.

Mizani ndiyo shahidi bora. Uache kitita siku nzima kwenye chumba kilekile, kisha upime. Tuseme kimetoka gramu 100 hadi 76: umepoteza asilimia 24, na hiyo ni kazi iliyokamilika. Kama ni gramu 88, nusu ya gundi imebaki. Rudia maji ya pili. Kama ni gramu 68, faibroini imeliwa, na utaiona: uzi umefifia, una manyoya, na unyuzi mmoja ukivutwa unakatika bila kupinga. Kitita kikiwa kimetoka vizuri kwa gramu 76, urefu wa uzi haukubadilika, ila uzi wa vifukofuko vinane sasa ni wa denieri 15 na si 20. Kwa hiyo unaponunua hariri mbichi kwa kilo, piga bei yako kwa gramu 760 na si 1,000.

Ikiwa rangi itashika kwa mabaka wakati wa kupaka, tatizo ni gundi iliyobaki sehemu sehemu, mara nyingi pale palipofungwa fundo. Hakuna rangi ya kulifunika hilo.

Uondoe gundi lini: kwenye uzi au kwenye kitambaa?

Kwa mtande, yaani nyuzi zinazotandikwa kwa urefu kwenye kitanda cha kufumia, uzi ukiwa mwembamba mimi huacha gundi. Inaukinga uzi usichanike unaposuguana na meno ya kitana na kuvutwa mamia ya mara, kisha kitambaa kizima huondolewa gundi baada ya kufumwa. Vitambaa vyepesi vinavyosimama, kama organza, huachiwa gundi daima, kwa kuwa ugumu ndio unaotakiwa. Ukitaka uzi wa rangi tofautitofauti, huna budi kuutoa gundi kwanza, kisha upake rangi, ndipo ufume.

Ukichagua kuondoa baada ya kufuma, kumbuka kwamba kila uzi utapungua karibu robo ya uzito na kuwa mwembamba zaidi. Kitambaa kilichobanana vizuri kikiwa na gundi kitalegea na nyuzi zitahama mahali pake. Panga mtande kwa karibu zaidi kuliko macho yanavyokuambia. Kabla ya kutandika mita zote, fuma kipande cha upana wa kiganja, ukiondoe gundi kwa utaratibu uleule, na ukisugue kwa kidole gumba: nyuzi zikihama, ongeza idadi ya nyuzi za mtande kwa kila sentimita, kisha ufume kipande kingine.